Uzi: Kugeuza beti za shairi kuwa kifungu cha ufahamu. Nimekwama, nisaidieni

Kalamu_Butu (Tanga)

Habari za jioni walimu na wapenzi wa lugha. Nafundisha kidato cha pili. Wanafunzi wangu wakiona beti tu wanafunga daftari, kwa hiyo nimepanga hivi: wiki hii nawapa ufahamu wa kawaida kwa nathari, wiki ijayo nawapa shairi lenyewe lililozaa ufahamu ule. Wakifika kwenye shairi watakuta habari wanaijua tayari.

Shairi nimelitunga mwenyewe, msilitafute mahali. Ni tarbia ya beti tatu:

Bibi 'lipanda uani, mwembe kwa mikono yake,
Maji toka kisimani, kautia peke yake,
Ukakua, majirani, wakapumzika kwake,
Mwembe si kuni, jamani, msiutie mashoka.

Yalimfika mauti, wana wakazusha kele,
Wagombea hata kuti, shamba hili, kiti kile,
Mkubwa kaona noti, shoka akanoa lile,
Mwembe si kuni, jamani, msiutie mashoka.

Leo jua la utosi, kivuli hatukioni,
Mkaa 'lisha upesi, majivu yako jikoni,
Ndugu kwa ndugu mkosi, mato hayatazamani,
Mwembe si kuni, jamani, msiutie mashoka.

Na hii ndiyo nathari niliyoandika:

"Bibi alipanda uani mwembe kwa mikono yake. Maji kutoka kisimani akautia peke yake. Ukakua na majirani wakapumzika kwake. Mwembe si kuni jamani, msiutie mashoka. Yalimfika mauti, watoto wakazusha kelele. Waligombea hata kuti, shamba hili na kiti kile. Kaka mkubwa akaona noti, akanoa shoka lile, akaukata mwembe na kuchoma mkaa. Mwembe si kuni jamani, msiutie mashoka. Leo ni jua la utosi, kivuli hawakioni. Mkaa uliisha upesi, majivu yako jikoni. Ndugu kwa ndugu ni mkosi, macho hayatazamani. Mwembe si kuni jamani, msiutie mashoka."

Mwenzangu wa idarani kaisoma akacheka. Kasema hilo ni shairi lililovuliwa shati tu, mwili ni uleule. Naona kasoro ipo lakini siioni ilipo.

---

Chaki_Moja (Dodoma)

Dada, mbona kazi ndogo hii. Nathari ni kufuta vina, kurefusha yaliyofupishwa, basi. Tatizo lako umeacha maneno ya kishairi. Hapo "kuti" ni "kitu", mshairi kageuza silabi apate kina cha -ti. Rekebisha hilo, "kele" umesharekebisha, "mato" pia. Halafu kiongeze urefu, hicho kifungu ni kifupi mno kwa ufahamu. Mpe bibi jina, sema aliugua nini, sema wana walikuwa wangapi. Ukifika maneno mia mbili unatunga maswali kumi safi.

---

Mzee wa Kibokoni (Mombasa)

Mwanangu Kalamu, kwanza hongera, mizani imekaa, nimehesabu kwa vidole nane kwa nane mpaka mwisho. "Yake" umeirudia mara mbili katika ubeti mmoja, nimeiona, lakini leo si siku ya kukushtaki.

Kasoro unayoitafuta jaribu kuisikia badala ya kuiona. Isome nathari yako kwa sauti huku unagonga meza. "Maji kutoka kisimani akautia peke yake." Meza bado inacheza. Sentensi zako zinakoma palepale mshororo unapokoma, na ndani ya sentensi maneno yamekaa kwa mpangilio uleule wa shairi. Umerefusha maneno lakini hukuvunja mistari. Mtu hasemi "akanoa shoka lile" akiwa anasimulia habari barazani. "Lile" lipi, wakati shoka halijatajwa kabla? Hiyo "lile" ililetwa na kina cha -le. Kina kikiondoka, nayo iondoke.

Nikigeuza mimi huwa nalisoma shairi mara mbili, nafunika karatasi, namsimulia mtu aliye karibu. Mara nyingi huwa mke wangu, masikini. Kisha naandika nilivyosimulia. Ndipo nafunua karatasi na kukagua kama kuna nililoliacha au nililolizidisha. Anayegeuza huku jicho liko kwenye mshororo hutoka na mshororo.

Na wewe mwalimu wa Dodoma, kuti ni kuti la mnazi. Si kitu kilichogeuzwa. Kuti moja halina thamani yoyote, ndiyo maana likatajwa: waligombea mpaka kuti.

---

Kalamu_Butu

Shikamoo Mzee. Nimegonga meza, kweli inacheza, nimeona aibu peke yangu chumbani. Na ni kweli, ni kuti la mnazi, la kuezekea. Nilifikiria banda la jikoni la bibi yangu mwenyewe.

---

Mzee wa Kibokoni

Marahaba.

---

Chaki_Moja

Kuti nimekubali, huku kwetu minazi hatuna. Lakini hapo hapo mnaona tatizo: mwanafunzi wa Dodoma naye atasoma "kitu". Sasa nathari isimsaidie?

---

KalamuNyekundu (Kisumu)

Isaidie, lakini kwa kuandika "kuti la mnazi", basi. Maneno mawili yameongezeka na habari haijabadilika. Kumpa bibi jina na ugonjwa ni kutunga hadithi nyingine. Wiki ijayo wanafunzi watafungua shairi, watamtafuta bibi mwenye jina na malaria yake, hawatampata. Zoezi zima la Kalamu litavunjika hapo.

Nami nina swali la msamiati kabla ya mengine. Huku kwetu Kenya mwanafunzi ukimwambia "bibi alipanda mwembe" anaona mke wa mtu. Mama mzaa baba au mzaa mama tunamwita nyanya. Ukisema nyanya huko Tanga, mtaenda sokoni. Kwa darasa lako sawa, lakini nami ningependa kulitumia zoezi hili, na nikiacha "bibi" nusu ya darasa langu itaandika kwamba mume alibaki mjane.

---

Kalamu_Butu

Nimecheka kwa sauti. Kwako weka nyanya, nimekuruhusu kama mtunzi.

---

KalamuNyekundu

Asante. Sasa niingie kwenye lililonigusa zaidi. Soma ubeti wa pili na wa tatu polepole. Ubeti wa pili unaishia shoka limenolewa. Wa tatu unaanza kivuli hakionekani. Katikati hapo hakuna mti uliokatwa. Shairi halikusema! Wewe ndiye uliyesema, kwenye nathari: "akaukata mwembe na kuchoma mkaa."

Kama mtunzi unajua ulichokusudia, na kila msomaji atafika palepale. Lakini lile ndilo swali bora kabisa la ufahamu katika kifungu chote, nawe umelijibu ndani ya kifungu. Ungeacha pengo lilivyo, ungeuliza: "Mwembe ulipatwa na nini? Taja mambo mawili yanayokuonyesha." Mwanafunzi atashika shoka lililonolewa, kivuli kisichoonekana, mkaa, majivu. Anaunganisha mwenyewe. Ukijaza pengo, swali linageuka kuwa la kunakili: jibu liko mstari wa nane, hamisha.

Mimi kwa hiyo naanza na maswali. Nachukua shairi, naandika maswali manne au matano ninayotaka mtoto ayatafakari, kisha ndipo naandika nathari, na kila sentensi naiuliza kama imeshamaliza swali langu.

---

Mwana_wa_Nne (Kakamega)

Samahanini wakubwa kuingilia. Nami niko na shida ya nathari. Kwa mtihani wa majaribio tuliambiwa andika ubeti wa tatu kwa lugha ya nathari, alama 4. Shairi lilikuwa kuhusu jahazi linalozama. Mimi niliandika jahazi ni nchi, nahodha ni kiongozi, mawimbi ni ufisadi. Nilipata sifuri na mwalimu akaandika "hukuulizwa". Si ndiyo maana ya shairi? Niliisoma vizuri hata walionizidi hawakujua jahazi ni nchi.

---

KalamuNyekundu

Kijana, pole. Ulikuwa na jibu zuri la swali jingine. Ukiulizwa maana ya shairi, au jahazi linaashiria nini, jibu lako lingechukua alama zote. Nathari ni kusema jambo lilelile kwa lugha ya kawaida. Jahazi libaki jahazi, maji yaingie, nahodha alale. Huko kwetu shuleni ubeti wa mishororo minne tunautilia alama moja kwa kila mshororo, kwa hiyo ukiacha mshororo mmoja, hata kibwagizo, umeacha alama.

Na usichanganye na ufupisho pia. Ufupisho unapunguza. Nathari haipunguzi, na mara nyingi hutoka ndefu kuliko ubeti, maana "kautia" imerudi kuwa "akautilia maji".

---

Chaki_Moja

Hapa ndipo siwaelewi. Kwa nini mwembe usifunguliwe? Kila mtu anajua mwembe wa Kalamu ni undugu. Kama lengo ni mtoto aelewe, si umwambie tu: "Familia ilikuwa na umoja uliowahifadhi wengi, tamaa ya fedha ikauvunja"?

---

Mzee wa Kibokoni

Mwalimu, sentensi yako ni nzuri lakini imekula mwembe, maji, kivuli, mkaa na majivu kwa tonge moja. Sasa utauliza nini? Na je, una hakika ni undugu? Mie nimeusoma nikaona urithi, yaani kazi ya mkono wa mtu mmoja inayoliwa na wengi. Jirani yangu hapa nimemsomea, kasema ni mambo ya mazingira, watu wanamaliza miti kwa mkaa. Sote watatu tunaweza kuonyesha mstari. Nathari ikichagua moja, imewafungia mlango wanafunzi wawili.

---

Chaki_Moja

Hapo umenishika kidogo. Lakini kidogo tu. Ufahamu wa watoto wadogo lazima ufunguliwe.

---

Mama_Pacha (Morogoro)

Mimi si mwalimu, mniwie radhi. Mwanangu aliletewa kazi ya utenzi, kila ubeti ageuze uwe aya yake. Jamani ubeti wa utenzi una vipande vinne vifupi! Akawa anaandika aya za mstari mmoja mmoja, tena nyingine hazina maana, "Na huyo ndiye mwenye." Mwenye nini? Nikamwambia aongezee maneno yake ijae. Nilikosea?

---

Mzee wa Kibokoni

Mama Pacha, hukukosea kuona kwamba kuna kasoro, ila dawa haikuwa kuongeza. Kila kipande cha utenzi kwa kawaida ni mizani nane, ubeti mzima thelathini na mbili. Habari moja ya utenzi hupita beti mbili, tatu, hata sita kabla haijatua. Kiima kiko ubeti wa kwanza, kitenzi kiko wa tatu. Ukikata kila ubeti uwe aya, umekata sentensi kiunoni. Mwanao asome mpaka habari itue, kisha beti zote zilizobeba habari ile azifanye aya moja. Tarbia ya Kalamu ni rahisi zaidi kwa sababu kila ubeti unajitosheleza. Karibu unajitosheleza.

---

Mama_Pacha

Ahsante Mzee. Kwa nini "karibu"?

---

Mzee wa Kibokoni

"Yalimfika mauti." Yalimfika nani? Ubeti wa pili haumtaji bibi hata mara moja. Katika shairi twamjua kwa sababu tumetoka kwake sasa hivi. Katika nathari ukiianzisha aya mpya kwa "Yalimfika mauti", msomaji anarudi nyuma kutafuta na anayemkuta karibu zaidi ni majirani. Lazima bibi atajwe tena.

Na ubeti wa kwanza: "wakapumzika kwake." Kwa bibi, nyumbani? Au kwa mwembe, chini yake? Shairi linaruhusu yote mawili na masikio hayasumbuki. Nathari ya Kalamu imeandika vilevile "kwake", na hapo masikio yanasumbuka. Kalamu, ulikusudia lipi?

---

Kalamu_Butu

Nilikusudia chini ya mwembe. Ila mkinibana, kwangu kina cha -ke ndicho kilichoamua.

Nimeanza kuona sasa. Kuna mapengo ya aina mbili. Lile la mwembe kukatwa ni pengo la kuacha, maana mwanafunzi akifikiri anafika. Hili la "kwake" na la "yalimfika" ni la kuziba, maana hata afikiri vipi anababaika bure. Au siyo?

---

KalamuNyekundu

Ndiyo. Na kuna mawili uliyoyaziba bila kujua. Shairi limesema "mkubwa", wewe ukaandika "kaka mkubwa". Mbona asiwe dada? Andika "mtoto mkubwa", au mzaliwa wa kwanza. La pili ni zito zaidi. Shairi: "kivuli hatukioni." Nathari yako: "kivuli hawakioni." Umemtoa msimulizi nje ya ua. Katika shairi yumo, jua linampiga yeye pia. Mimi ningeuliza swali hapo: msimulizi ana uhusiano gani na watu hawa?

---

Kalamu_Butu

Niliona "hatu-" inatokea mara moja tu, mwishoni, nikadhani imeponyoka. Nikailinganisha na "wana" na "majirani".

---

KalamuNyekundu

Imeponyoka au haikuponyoka, sasa imo. Anaweza kuwa mjukuu. Anaweza kuwa jirani aliyekuwa akipumzika pale. Usiandike "bibi yetu" mwanzoni maana utakuwa umelijibu.

---

Chaki_Moja

Sawa, nimekaa kimya nasoma. Lakini hakuna aliyegusa kibwagizo, na hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Kimejirudia mara tatu. Katika nathari hakuna mtu anayesema sentensi moja mara tatu isipokuwa mlevi. Kisha angalieni: ubeti wa tatu mwembe umeshakuwa majivu, bado anasema msiutie mashoka. Mashoka gani tena?

---

Mzee wa Kibokoni

Umepiga penyewe leo, mwalimu. Kibwagizo katika shairi ni cha kuitikiwa, kinarudi kama pumzi. Katika kifungu kisemwe mara moja. Shida ni wapi. Mie naona mwishoni kabisa, baada ya majivu na macho yasiyotazamana. Pale kinakuwa neno kwa wengine ambao mwembe wao bado umesimama.

---

Chaki_Moja

Mimi sikubali, Mzee. Kiwekwe kabla shoka halijafanya kazi, baada ya kunolewa. Pale kinakuwa ombi kwa wale ndugu, na ndiyo maana kina "jamani". Ukiweka mwishoni unafanya kama zile hadithi za shuleni zinazoishia na mafunzo.

---

Mzee wa Kibokoni

Lakini ukikiweka pale utalazimika kuweka mtu wa kukisema. "Fulani aliwaambia." Fulani huyo hayumo.

---

Kalamu_Butu

Wakati mnabishana nimefunika karatasi, nimemsimulia mdogo wangu akiwa anaosha vyombo, nimeandika. Hii hapa:

"Bibi alipanda mwembe uani kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa akiteka maji kisimani na kuutilia, wala hakuwa na msaidizi. Mwembe ulipokua, majirani walikuja kupumzika chini yake.

Bibi alipofariki, watoto wake walizusha kelele. Waligombea kila alichokiacha: huyu anataka shamba hili, yule anataka kiti kile, na hata kuti la mnazi halikuachwa. Mtoto mkubwa alipoona noti, alinoa shoka. Jamani, mwembe si kuni, msiutie mashoka!

Leo jua limefika utosini na hatukioni kivuli. Mkaa uliisha upesi, na majivu yako jikoni. Ndugu wamekuwa mkosi kwa ndugu zao. Wakikutana, macho hayatazamani."

Kibwagizo nimekiweka anapotaka Chaki, ila bila "fulani aliwaambia". Msimulizi mwenyewe anapaza sauti katikati ya habari. Sijui kama inakubalika.

Maswali niliyoandika kabla ya nathari, kama alivyoshauri KalamuNyekundu:

1. Ni nani aliyeutunza mwembe, na aliutunzaje?
2. "Hata kuti la mnazi halikuachwa." Maneno haya yanakuonyesha nini kuhusu ugomvi wa watoto?
3. Mwembe ulipatwa na nini? Taja mambo mawili katika habari yanayokuthibitishia.
4. Unadhani msimulizi ni nani? Toa sababu.
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: utosini, mkosi.

---

KalamuNyekundu

Meza haichezi tena. Nimegonga.

Kasoro mbili. "Wala hakuwa na msaidizi" ni sawa na "peke yake", lakini mwandishi anaweza kusema tu "peke yake" na sentensi isivunjike. Usiogope neno la shairi kwa sababu tu lilikuwa kwenye shairi. Ya pili, "alipoona noti, alinoa shoka" naona imeruka kidogo. Katika shairi kuona noti kulitosha. Katika nathari mtu atauliza, noti alipewa na nani, aliziokota?

---

Kalamu_Butu

Nikisema "alipoona kuna fedha za kupatikana"?

---

KalamuNyekundu

Hapo umeziba pengo la swali la 3 robo. Lakini naona ni bora kuliko noti zinazoanguka kutoka mbinguni. Uamuzi wako.

---

Mzee wa Kibokoni

Mie ningeziacha noti. Na "macho hayatazamani" iache vivyo hivyo, mwanangu, usije ukaandika "hawaongei". Kutotazamana kuna uzito wake. Kwenye shairi kuna "mato", wakija kuliona wiki ijayo watajua wenyewe kwamba mato ni macho, bila wewe kuwaandikia ubaoni. Hapo nathari itakuwa imefanya kazi uliyoitaka.

---

Chaki_Moja

Swali la 5 liongezewe "kuti", kwa ajili ya watu wa Dodoma.

---

Kalamu_Butu (baada ya siku sita)

Nimerudi na mrejesho. Nina mikondo miwili, nikaona nitumie ubishi wenu. Mkondo A niliwapa kibwagizo katikati, baada ya shoka. Mkondo B nikakihamishia mwishoni. Noti niliziacha, samahani KalamuNyekundu.

Swali la 3 mikondo yote walifika, wengi kwa mkaa na majivu, wachache kwa shoka. Mmoja aliandika mwembe uliungua kwa jua la utosini. Nilimpa nusu alama kwa ujasiri.

Swali la 4 ndilo lililotofautiana. Mkondo A wengi walisema msimulizi ni mmoja wa wale watoto, mdogo, aliyekuwa akimsihi mkubwa asikate. Mkondo B walisema ni jirani, au mzee wa kijiji anayeusia watu. Sikuwa nimebadilisha neno hata moja isipokuwa mahali pa ile sentensi.

---

Mzee wa Kibokoni

Kwa hiyo nani kashinda, mie au mwalimu wa Dodoma?

---

Kalamu_Butu

Mzee, shairi lenyewe lina kibwagizo pote. Siku ya kuwasomea shairi, mkondo A na B niliwaweka chumba kimoja, wakabishana mpaka kengele. Sijawaamulia.

---

Chaki_Moja

Mimi nimeshinda. "Jamani" inanitosha.

---

Mwana_wa_Nne

Wakubwa, nimejaribu ubeti wa pili wa mwalimu kwa nathari, nisahihishiwe kama kwa mtihani:

"Bibi alipoaga dunia, watoto wake walipiga kelele wakigombania mashamba na viti. Yule mkubwa alitamani pesa akaukata mwembe kwa shoka."

---

KalamuNyekundu

Alama 2 kati ya 4. Mshororo wa kwanza umeupata, na umemtaja bibi, vizuri. Wa pili nusu, kuna kitu umekiacha. Wa tatu nusu, maana shoka limenolewa tu, hujaambiwa limekata. Wa nne haupo kabisa, na nilishakwambia kibwagizo kina alama yake.

---

Mwana_wa_Nne

Asante sana mwalimu. Wa pili nimeacha nini? Nimeweka shamba na kiti.

---

Chaki_Moja

Kuti, kijana. Kuti!

---

Mwana_wa_Nne

Nilidhani ni "kitu" imeandikwa vibaya.